Rejista ya mali ya ofisi imegoma, mkaguzi anakuja Jumatatu

Mtoto wa Leja: Habari za jioni wakuu. Nina miezi miwili kwenye uhasibu wa kiwanda cha mikate. Rejista ya mali za kudumu ninayo kwa picha tu, niliyotumiwa WhatsApp. Mali ni 11, hesabu ni hadi 31 Desemba 2024. Nimeinakili kwenye Excel. Safu ya bei ya kununulia inatoka sawa na jumla ya kwenye picha, ya uchakavu uliolimbikizwa vilevile. Ila ya thamani ya kitabuni yangu inazidi kwa 3,600,000. Nimejumlisha mara nne. Nifanyeje?

Bwana Tisa: Gawanya kwa 9. Inatoka 400,000 kamili, kwa hiyo kuna mahali umegeuza tarakimu, mfano 7,300,000 badala ya 3,700,000. Zitafute.

Shangazi wa Tegeta: Mwanangu, kompyuta TRA ni asilimia 37.5 ya salio linalopungua. Mimi niliwahi kuitumia 25 mwaka mzima, bosi aliniita mbele ya watu, sitasahau. Hakikisha viwango kwanza.

Mkaguzi Mstaafu: Shangazi, hivyo ni vya hesabu ya kodi. Vitabu hufuata muda ambao mali itatumika. Tisa, kipimo chako kinaonyesha kwamba huenda tarakimu zimegeuzwa, hakithibitishi. Kabla ya 9 mimi hugawanya kwa 2, maana namba ya kutoa ikisomwa kama ya kujumlisha, tofauti huwa mara mbili yake. Kijana, una mstari wenye thamani ya 1,800,000?

Mtoto wa Leja: Upo! Kompyuta. Bei 7,200,000, zilinunuliwa 1/1/2020, miaka 4, uchakavu 9,000,000, thamani 1,800,000.

Mkaguzi Mstaafu: Soma tena ulichoandika. 7,200,000 toa 9,000,000.

Mtoto wa Leja: Duh. Nimeikuza picha, kuna mabano yamefifia pembeni ya hiyo namba. Basi sasa jumla zinalingana. Asanteni, uzi ufungwe.

Mkaguzi Mstaafu: Haufungwi. Sasa unalingana na jumla ambayo yenyewe ni kosa. Kompyuta hizo zinachakaa 150,000 kwa mwezi, miezi 48 iliisha Desemba 2023. Aliyekutangulia aliacha fomula iendelee hadi miezi 60. Mali haichakai kupita bei yake. Ndiyo maana kila mstari hupimwa mara mbili: bei toa uchakavu, halafu uchakavu wenyewe dhidi ya miezi. Kipimo cha kwanza peke yake hapa kingepita, kwa sababu hasi 1,800,000 ndiyo hesabu sahihi ya namba mbovu. Weka kikomo:

```
=MIN(C5, C5/D5*E5)
```

C ni bei, D miezi ya maisha, E miezi iliyopita. Mali yenye thamani ya mabaki, iondoe kwanza kwenye C.

Zungu: Namba zote zinaishia na sifuri tano, tarehe ni 1 Januari, jibu limejificha kwenye mabano. Wakuu, hili ni swali la mtihani wa NBAA, dogo anafanyiwa kazi ya nyumbani bure.

Bwana Tisa: Hata mimi nimeanza kushuku. Weka mstari mwingine.

Mtoto wa Leja: Kaka, ningetunga ningetunga kitu cha heshima. Jenereta: 23,847,500, 1/7/2021, miaka 10, uchakavu 8,346,625, thamani 15,500,875.

Bwana Tisa: Miezi 42 kwa 120 ni asilimia 35. Inatoka. Samahani.

Mkaguzi Mstaafu: Kijana, kuna jambo hujasema. Kabla ya kuja hapa ulifanya nini na ile 3,600,000?

Mtoto wa Leja: Niliongeza mstari wa 12, "Marekebisho", hasi 3,600,000 kwenye thamani. Nikamtumia bosi, akasaini. Lakini mkaguzi si huangalia jumla?

Shangazi wa Tegeta: Yesu wangu.

Mkaguzi Mstaafu: Mstari usio na mali ndio wa kwanza kuulizwa: twende ukanionyeshe. Ufute leo, umwambie bosi. Kisha 1,800,000 iliyozidi, ambayo yote ni ya 2024, punguza uchakavu uliolimbikizwa na gharama ya uchakavu ya mwaka huo. Kompyuta zibaki kwenye rejista kwa thamani sifuri, kama bado zipo.

Mtoto wa Leja: Zilikuwa tatu. Mbili zipo.

Zungu: Na ya tatu?

Mtoto wa Leja: Iko kwa bosi, mwanawe anachezea gemu.

Bwana Tisa: Hiyo bado ni ya ofisi ama ilishatolewa?

Mtoto wa Leja: Ndiyo nilitaka kuuliza, ila nani amuulize?