Naomba ushauri: video ya maneno imeipita video ya gharama

Ndugu wanachama, shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Mimi ni mwimbaji wa hapa Mtwara, na wimbo wangu mpya una video mbili: moja tuliyoipiga Mikindani kwa shilingi milioni 2, yenye wachezaji na picha za droni, na nyingine yenye maneno tu juu ya picha moja, niliyoitengeneza kwa sababu beti zangu zina Kimakonde ambacho wengi hawakielewi.

Takwimu za YouTube Studio zinaonyesha kwamba video ya maneno inatazamwa zaidi, na wengi huifikia kwa kutafuta maneno ya wimbo. Mchoro wa watazamaji wanaobaki kwenye video ya Mikindani huporomoka kabla ya sekunde ya 40, yaani kabla sijaanza kuimba, kwa kuwa mwanzo wote ni bahari na majengo ya kale. Wanaobaki hadi hapo wengi humaliza, jambo linalonifanya niamini kwamba kasoro haiko kwenye wimbo. Nilibadilisha picha ya jalada, wanaobofya wakaongezeka, lakini mporomoko ukabaki palepale.

Je, niukate mwanzo huo ndani ya YouTube Studio, ili kiungo na hesabu ya watazamaji vibaki, ingawa ngoma ya utangulizi itaondoka pia, au nipakie toleo jipya? Na kwa wimbo ujao, nitangulize video ya maneno na kusoma takwimu kabla ya kulipia upigaji picha, au nizitoe pamoja?