Muuza duka wa mesaji za saa sita usiku, leo umevuka mpaka!

Mjukuu_wa_Ndosho, 00:41

Simtaji jina. Wote mnamjua. Ni yule wa mlango wa kijani, wa mafuta na mchele na maziwa ya unga, aliyetuandika namba zetu kwenye daftari lake akisema ni za zawadi ya mwisho wa mwaka. Zawadi yenyewe nimeipata usiku huu, saa sita kamili. Someni wenyewe, sijaongeza hata nukta:

HARAKA! HARAKA! USIBAKI NYUMBANI! Leo mafuta lita 5 bei imeshuka. Kimbia na familia yako kabla hayajaisha!

Wandugu, usibaki nyumbani! Kimbia na familia yako! Saa sita ya usiku, hapa Goma!

Simu ilikuwa sebuleni inachaji kwa sababu umeme ulikuwa umerudi. Mtoto wa dada yangu akaamka, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, basi. Bibi yangu hakungoja wa pili. Huyu ni mama aliyekimbia mwaka 2002, volkeno ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, akakimbia tena tarehe 22 Mei 2021. Alishika mfuko wake wa makaratasi, ule wenye kadi ya uchaguzi na hati ya kiwanja, akamfunga mtoto mgongoni na kitenge, akatoka pekupeku juu ya mawe, macho kaskazini, anatafuta kama wekundu wa Nyiragongo umeshuka kutoka kileleni. Majirani walipomwona bibi na ule mfuko, hakuna aliyeuliza swali. Avenyu nzima ilitoka. Kuna papa mmoja alitoka na godoro kichwani na televisheni kwapani! Mbwa wote wa Ndosho mpaka Katoyi waliamka. Mtu akapiga filimbi.

Usibaki nyumbani! Kwa sababu ya mafuta!

Bibi mpaka sasa amekaa kwenye kiti na mfuko mapajani. Amekataa kulala.

Motari_wa_Usiku, 00:48

Nilipita hapo kwenu nikaona watu na magodoro, nikageuza pikipiki nikakimbilia Sake na abiria juu. Alikuwa anaenda Himbi. Nani atanilipa esansi?

Dada_Majengo, 00:55

Pole kwa bibi. Lakini bei imeshuka mpaka ngapi?

Mjukuu_wa_Ndosho, 00:57

Dada, mimi nasema bibi yangu yuko pekupeku kwenye mawe, wewe unauliza bei?

Dada_Majengo, 00:58

Nimesema pole kwanza.

Fundi_wa_Birere, 01:10

Mnamlaumu mzee wa watu bure. Mimi natengeneza simu, haya mambo nayajua. Hizo mesaji za watu wengi anazituma kwa mtambo wa Nairobi. Nairobi wako mbele yetu kwa saa moja. Yeye alipanga vizuri, mtambo ukahesabu saa za kwao. Ndiyo hiyo tu.

Papa_Katindo, 06:20

Uongo mtupu. Mimi mesaji hiyo nimeipata asubuhi hii nilipowasha simu, jua limeshatoka. Huyu kijana anatafuta umaarufu. Saa sita gani ya usiku?

Mama_Matangazo, 06:52

Papa, shikamoo. Simu yako ilikuwa imezimwa usiku, ndiyo maana. Mesaji ikikuta simu imezimwa inabaki kwenye mtandao inakungoja, ukiwasha inaingia. Kijana hakusema uongo, wewe ulilala vizuri tu.

Na wewe Fundi, uko nusu njia. Kweli saa za Nairobi hutuchanganya, mimi mwenyewe nawatumia wazazi wa shule mesaji na nimeyaona hayo. Ila leo hesabu inakataa. Chukua kwamba mzee alitaka saa sita ya mchana, maana ndiyo saa ya promosyo, watu wanatoka kazini kutafuta chakula. Mtambo ukifuata saa za Nairobi, tungeipata 11:00. Ukifuata za Kinshasa, tungeipata 13:00. Ukifuata zile za Greenwich ambazo mitambo mingi inazo, basi 14:00. Kosa la majira linakurusha saa moja, mbili, tatu. Hii imeruka saa kumi na mbili kamili, dakika haikupungua wala kuzidi. Hiyo ni `AM` na `PM`.

Mtambo ukiwa wa Kiingereza hauandiki saa kama sisi. Hapa tumezoea karatasi za Kifaransa: 12h00 ni mchana, 0h00 ni usiku, kwisha. Kule mchana ni `12:00 PM` na usiku wa manane ni `12:00 AM`. Mtu akiona 12:00 anaona mchana wake, hizo herufi mbili ndogo pembeni hata hazitazami.

Fundi_wa_Birere, 07:05

Sawa mama, lakini simu yangu ilipokea 00:37, si 00:00. Hapo je? Na mke wangu aliipata mara mbili.

Mama_Matangazo, 07:11

Mtambo haumwagi mesaji zote kwa mara moja, unazitoa moja baada ya nyingine. Kama ana watu elfu tatu na mtambo unatoa moja kwa sekunde, wa mwisho anaipata dakika hamsini baadaye. Wewe ulikuwa mbele ya mwisho. Ya mke wako sijui. Labda namba yake imeandikwa mara mbili, moja inaanza na sifuri, nyingine na +243, mtambo ukaona watu wawili.

Kijana_wa_Kaunta, 07:30

Nafanya kazi hapo, msiulize mimi ni nani. Mama Matangazo amesema kama alikuwa amesimama nyuma yetu. Bosi aliandika jana jioni, wateja wamejaa, huku anapima mchele. Akachagua tarehe ya leo. Kwenye saa akaandika 12:00, `AM` ilikuwa tayari imekaa pale, akabonyeza. Yeye alijua ni mchana wa leo. Kumbe leo inaanza saa sita usiku.

Lakini kuna jingine na naogopa kulisema. Chini yake kuna mahali pa `Repeat`. Aliweka `Daily`, wiki nzima.

Mjukuu_wa_Ndosho, 07:34

Wiki nzima??? Yaani leo usiku tena USIBAKI NYUMBANI? Kesho tena KIMBIA NA FAMILIA YAKO? Bibi yangu ana moyo mmoja tu! Mkamwambie afute sasa hivi! Mguu wake umechanika kwenye mawe, nimetoka kumuosha, na mfuko bado hajauachia!

Kijana_wa_Kaunta, 07:40

Neno la siri liko kwenye simu yake, na yeye amepanda boti ya asubuhi kwenda Bukavu kuchukua bidhaa. Katikati ya ziwa simu haishiki.

Mama_Matangazo, 07:52

Akifika tu bandarini mpigie kabla hajaingia sokoni. Mwambie asibadilishe saa peke yake. Mitambo mingine ukibadilisha saa inabadilisha ya siku moja, zile za kurudia zinabaki na saa ya zamani. Afute mpango wote, halafu autengeneze upya. Aweke `11:30 AM`, awahame kabisa hao 12 wenye matatizo. Kabla ya kuwatumia watu, atume kwa namba yake peke yake, dakika tano mbele, aone kama inaingia saa aliyoiandika. Mimi sitoi mesaji ya wazazi bila kufanya hivyo.

Na afute kabla ya saa sita. Ikishatoka kwenye mtambo ikaingia mikononi mwa mtandao wa simu, hakuna wa kuirudisha.

Tena, kijana wangu, hata ingefika mchana, mwambie bosi wako hayo maneno hayaandikwi Goma. "Usibaki nyumbani" hapa tunajua ni maneno ya nani na ya siku gani.

Papa_Katindo, 08:03

Hapo nakubali. Mwaka 2021 tuliambiwa tuondoke mapema asubuhi, watu wakaenda Sake kwa miguu, wengine Rutshuru, wengine wakavuka Gisenyi. Hayo maneno si ya kuuzia mafuta.

Dada_Majengo, 09:15

Nimetoka dukani. Mafuta yameisha! Wale wa avenyu yenu waliokuwa nje usiku walipanga mstari tangu alfajiri, na wengine wana magodoro yao bado. Mjukuu, nimemwona na dada yako pale na bido mbili.

Mjukuu_wa_Ndosho, 09:20

Dada yangu ni mtu mzima, anajinunulia mafuta yake. Mimi naongea juu ya bibi.

Motari_wa_Usiku, 09:26

Kumbe mlipata mafuta! Basi nilipeni esansi.

Mwimbaji_wa_Mabanga, 10:02

Nyinyi mnalia kwa mesaji moja. Mimi nyuma ya ukuta wangu kuna kanisa lina spika nne, mkesha unaanza saa tatu usiku unaisha kumi na moja asubuhi, Jumatano na Ijumaa. Hakuna `AM` wala `PM`, wanapiga tu.

Papa_Katindo, 10:10

Ndugu, usiguse mambo ya Mungu. Mkesha unakulinda hata wewe unayelala.

Mwimbaji_wa_Mabanga, 10:14

Papa, mimi pia ni mwimbaji kanisani. Nasema spika. Mungu si kiziwi.

Fundi_wa_Birere, 10:31

Spika nne za namna gani? Kama ni zile nyeusi kubwa nina moja hapa nimeitengeneza, bei tutaelewana.

Kijana_wa_Kaunta, 15:48

Nimempata bosi, yuko Bukavu. Anasema amefuta. Nimemuuliza kama amefuta wote au amebadilisha saa tu, simu ikakatika.

Mama_Matangazo, 15:55

Mpigie tena.

Dada_Majengo, 16:20

Na maziwa ya unga, yatakuja na boti gani?

Mwimbaji_wa_Mabanga, 16:33

Leo ni Ijumaa, wameshaanza kutoa spika nje. Mwenye namba ya shefu wa kata anitumie.

Papa_Katindo, 16:40

Shefu mwenyewe anasali hapo.