UZI: "Siku 1 hadi 2" za Iringa–Mbeya zinahesabiwa na nani? Mzigo unapitishwa Dar!

Fundi_Ipogolo:
Wakuu, nina hasira na nitaandika bila kuzunguka. Kampuni ya vifurushi (siitaji) ina jedwali la kanda. Ndani ya mji ni siku 1, chini ya km 400 ni siku 1 hadi 2, zaidi ya hapo ni siku 2 hadi 4. Iringa hadi Mbeya ni kama km 330, kwa hiyo risiti inatoka na "siku 1 hadi 2".

Sasa mzigo hauendi Mbeya. Unarudishwa Dar es Salaam, kama km 500, unachambuliwa kwenye kituo kikuu, kisha unapanda tena km 830 hivi hadi Mbeya na kupita Iringa ulikotoka! Mteja anaahidiwa kwa km 330, mzigo unatembea zaidi ya km 1,300. Waliopanga kanda wamepima umbali kati ya mtumaji na mpokeaji, njia ya gari hawakuitazama kabisa. Huku ni kutudanganya.

Msafirishaji_Mzee:
Nimefanya kazi ya kupanga safari za mizigo. Kuupitisha kituo kikuu si ujinga. Tawi la Iringa likipata vifurushi vichache vya Mbeya kwa siku, haliwezi kujaza gari lake. Vyote vinapakiwa gari moja la Dar, huko vinachanganywa na vya matawi mengine hadi gari la Mbeya lijae. Kosa ni kutumia umbali kukadiria siku. Siku zihesabiwe kwa vipande: saa ya mwisho ya kupokea, gari la kwanza, zamu ya kuchambua, gari la pili, halafu siku ambazo tawi la mwisho linasambaza.

Dada_wa_Vitenge:
Mimi mzigo wangu wa Dubai umekwama forodha wiki nzima, nao waliniandikia siku 5. Nani anajua namba ya kuwapata?

Msafirishaji_Mzee:
Dada, huko ni forodha, jambo jingine. Siku hizo kwa kawaida hazihesabu muda wa kukagua nyaraka. Fungua uzi wako, utasaidiwa.

Kijana_wa_Stendi:
Rahisi tu, siku zinaanza ukishalipa. Ukilipa Alhamisi, Jumamosi lazima mzigo uwe umefika. Usipofika, dai hela yako.

Msafirishaji_Mzee:
Ni kweli risiti ina tarehe ya malipo, lakini saa haianzi hapo. Tuchukue mfano wa Alhamisi, 7 Agosti 2025. Mzigo umepokelewa saa 11 jioni, na gari la Dar limeondoka saa 10. Kwao mzigo huo ni wa siku ya kazi inayofuata. Ijumaa ni Nane Nane, haihesabiwi. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Basi mzigo "umepokelewa" Jumatatu tarehe 11, siku ya kwanza ni Jumanne, ya pili ni Jumatano tarehe 13.

Magari yenyewe yalikwendaje? Jumamosi jioni gari linashuka Dar, linafika Jumapili alfajiri, na kituo hakichambui Jumapili. Jumatatu usiku mzigo unapakiwa, Jumanne mchana uko Mbeya, lakini wasambazaji walishatoka asubuhi. Mteja anaupata Jumatano. Amesubiri siku 6 za kalenda, na mfumo unaandika "kwa wakati".

Fundi_Ipogolo:
Hapo ndipo damu inapochemka! Ripoti yao ni safi, mteja wangu kashanunua kwa mwingine. Na hiyo Jumamosi, mbona gari lilitembea? Kama wanafanya kazi, waihesabu. Basi mzigo umepokelewa Jumamosi, siku ya pili ni Jumanne, na Jumatano wamechelewa.

Mama_Soweto_Mbeya:
Tawi la huku hufungua Jumamosi hadi saa 7 mchana. Unaweza kuchukua mzigo mwenyewe, ila hawasambazi.

Msafirishaji_Mzee:
Kampuni nyingine huihesabu Jumamosi kwenye kupokea na si kwenye kusambaza. Soma masharti nyuma ya risiti. Sikukuu za Idi ni balaa zaidi, maana zinafuata mwezi kuandama. Mfumo uliowekewa tarehe mapema unaweza kukosea kwa siku moja.

Ukitaka kujua kama mzigo wako unazungushwa, fuatilia namba yake. Ukiona umeandikwa umefika Dar wakati ulitoka Iringa kwenda Mbeya, sahau siku za kwenye jedwali. Angalia saa mzigo ulipoingia kituoni: kama ni baada ya gari la usiku kuondoka, ongeza siku nzima.

Kijana_wa_Stendi:
Ndiyo maana nasema tumia basi. Basi la Dar–Mbeya linapita Iringa, jioni mzigo uko stendi.

Mama_Soweto_Mbeya:
Kweli unafika, lakini mpokeaji aufuate stendi mwenyewe, na ukipotea unabishana na kondakta.

Fundi_Ipogolo:
Sijaridhika. Mzee, swali moja: mfumo unajua tawi linalotuma na linalopokea, na njia ya gari wanaijua wenyewe. Kwa nini risiti isitoe tarehe, "Jumatano 13 Agosti", badala ya "siku 1 hadi 2"?

Msafirishaji_Mzee:
Inawezekana kabisa. Inahitaji ratiba ya magari na kalenda ya kila tawi viingizwe kwenye mfumo, na mtu wa kuvirekebisha kila gari linapobadilishwa saa. Tulipoomba, idara ya mauzo ilikataa, ikasema tarehe ya mbali itawafukuza wateja.