Mrejesho: bei ya mablanketi niliyokosea

"Nauza mablanketi hapa Moshi. Kwenye tangazo la jana picha imeandikwa 25,000, bei halisi ni 35,000. Nifute kimyakimya au nisahihishe vipi?"

Wapendwa, asanteni sana. Sikufuta. Instagramu inakuruhusu kuhariri maelezo, lakini picha ikishapanda haibadiliki, na kosa langu lilikuwa kwenye picha. Kwa hiyo juu kabisa ya maelezo ya zamani, kabla ya neno lingine lolote, nikaweka hivi:

"MASAHIHISHO: Bei ya blanketi la futi 6 kwa 6 ni sh. 35,000, siyo 25,000 kama inavyosomeka kwenye picha. Kosa ni letu, tunaomba radhi. Aliyeagiza kabla ya saa 4 asubuhi leo atauziwa kwa 25,000."

Kisha nikapandisha picha mpya yenye bei sahihi, na maneno yaleyale chini yake. Ile sentensi ya mwisho ilinigharimu sh. 30,000 kwa wateja watatu. Nimezibeba kwa moyo mmoja, maana waliagiza kwa kuamini neno langu. Dada mmoja wa Majengo alifika mchana na picha ya skrini ya tangazo la kwanza. Nikamwonyesha masahihisho na saa yake, akaelewa, akachukua moja kwa 35,000.