Naomba ushauri: maneno yaliyokosa mwenyewe katika barua yangu ya kuomba kazi

Ndugu wanajamvi, ninaandaa barua ya kuomba kazi ya uhasibu, na rafiki aliyeipitia amenionyesha sentensi mbili zinazosema nisichokusudia.

Ya kwanza ilikuwa hii: "Baada ya kumaliza stashahada, kampuni ya usafirishaji iliniajiri kuwa karani wa stoo." Kitenzi "kumaliza" hakina kiambishi cha nafsi, kwa hiyo msomaji humtafuta mtendaji mbele na kukutana na kampuni, kana kwamba ndiyo iliyosoma. Nimeandika upya "Nilipomaliza stashahada, niliajiriwa…", ambapo "ni-" inamtaja mtendaji waziwazi. Sasa ninapigia mstari kila "baada ya ku-", "kabla ya ku-" na "kwa ku-", kisha ninauliza ni nani anayetenda.

Ya pili ndiyo iliyonishinda: "Nilihakiki taarifa za akaunti zilizofungwa." Ningeandika "taarifa za wateja waliohama", upatanisho wa ngeli ungeondoa utata wenyewe, lakini "taarifa" na "akaunti" zote huchukua "zi-", hivyo haijulikani kilichofungwa ni kipi. Nakusudia akaunti. Nilijaribu "Akaunti zilipofungwa, nilihakiki taarifa zake", ila sasa inaonekana kazi hiyo niliifanya siku ya kufunga tu, ilhali niliifanya kila mwezi.

Je, ninyi mngeipangaje sentensi hii bila kuipotosha? Na mnatumia njia gani kuugundua utata wa namna hii, ambao mwandishi mwenyewe hauoni kwa kuwa anajua alichokusudia?