Mrejesho: Jedwali la daftari la mauzo kuchanganyika

Niliuliza: "Nikipiga picha daftari la duka, mbona jumla ya mchele inasomwa kwenye mstari wa sukari?"

Wakuu, nimepata. Ukurasa uliinama nyuzi 2 tu, lakini kwa upana wa pikseli 2,000 upande wa kulia ulishuka pikseli 70, na mistari yangu imeachana kwa 60. Sasa, kabla programu haijasoma maandishi ya picha, naanza na amri hii ya ImageMagick:

```
magick picha.jpg -auto-orient -deskew 40% safi.png
```

Kama picha imepinduka na simu haikuweka alama ya mwelekeo, igeuze mwenyewe. `-deskew` hunyoosha mwinamo mdogo tu.

Jumla kuu isikudanganye: yangu ilikuwa sahihi muda wote, kwa kuwa namba zilihama mistari tu. Nilishtuka nilipozidisha: sukari kilo 4 kwa 3,000, pembeni imeandikwa 7,500.