Tupeane uzoefu: kuchambua kisengere nyuma, mruko wa wakati na mwendo kwenye riwaya ya usasa

Penseli_Kali
Wakuu, habari za jioni. Naandika pepa ya semina juu ya To the Lighthouse ya Virginia Woolf (1927). Mada yangu ni wakati: kisengere nyuma, mruko, na mwendo wa usimulizi. Mliowahi kufanya kazi ya aina hii, mlianzia wapi na mlikwama wapi?

Naanza na yangu. Nilichora jedwali. Sehemu ya kwanza ni alasiri moja mpaka usiku, na kwenye nakala yangu inakula kurasa kama 120. Ya pili inabeba miaka 10 kwa kurasa kama 20. Ya tatu ni asubuhi moja tu, kurasa 60 na ushei. Nikampelekea msimamizi wangu nikiwa na furaha. Akaliangalia, akaniuliza: "Kwa hiyo?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Mzee_wa_Maktaba
Dada, kwenye mwendo nakuelewa sana. Mimi kitabu hicho kilinichukua mwezi mzima. Nilikuwa nasoma kurasa 10 kila asubuhi, na pembeni naandika jina la anayewaza. Ukishajua nani anawaza, mwendo unakuja wenyewe.

Penseli_Kali
Asante mzee wangu. Nilimaanisha mwendo wa hadithi yenyewe, siyo wa msomaji. Ila hilo la kuandika jina la anayewaza nalichukua.

Chaki_Nyeupe
Mbona jepesi hilo. Sehemu ya pili yote ni mruko wa miaka 10. Kisha kila mhusika anapokumbuka jambo, hicho ni kisengere nyuma. Mimi niliorodhesha vyote, vikafika arobaini na kitu, nikaeleza kila kimoja kina kazi gani. Pepa ilipita.

Bi_Mwalimu
Chaki_Nyeupe, nusu yake nakubali. Mruko ni pale maandishi yanaponyamaza kabisa huku wakati ukienda. Sasa fungua sehemu ya pili uone kama imenyamaza. Inasema muda wote. Inasimulia upepo unaopenya ndani, unyevu, vitabu vinavyoota ukungu, na Bi McNab anayekuja kufagia. Kilichorukwa ni maisha ya watu.

Nilipokuwa nasomea uzamili nilikosea palepale, nikaandika "mruko wa miaka 10". Mwalimu wangu akaniambia nifuate kitu kimoja tu, ile shali. Katika sehemu ya kwanza, chumbani kwa watoto, kuna fuvu la nguruwe limetundikwa ukutani. Cam analiogopa, James hataki liondolewe. Mama yao, Bi Ramsay, anavua shali yake na kulizungushia lile fuvu, mmoja apate usingizi na mwingine abaki na fuvu lake. Nyumba ikishahamwa, tunasoma kwamba mkunjo mmoja wa shali umelegea na kuning'inia. Baadaye unalegea mwingine. Wakati unapita mkunjo kwa mkunjo, bila kalenda. Na mwenye shali ameshafariki.

Kifo chenyewe kimewekwa ndani ya mabano ya mraba, na hata humo hakikupewa sentensi yake. Sentensi ni ya mumewe, anayenyoosha mikono kwenye ujia alfajiri yenye giza. Kwamba mkewe amekufa ghafla usiku uliotangulia, hilo limepachikwa njiani tu. Ugonjwa hatuuoni, mazishi hatuyaoni. Huo sasa ndio mruko.

Na angalieni toleo mnalonukuu. Chapa ya kwanza ya Uingereza na ya Marekani hazina sentensi ileile hapo. Katika ya Uingereza mikono mitupu inapewa sentensi fupi ya peke yake mwishoni. Katika ya Marekani yote yamefungwa kwenye sentensi moja. Anayeandika juu ya mwendo hawezi kulipita hilo.

Penseli_Kali
Shikamoo Bi Mwalimu. Nakala yangu ni ya Marekani, na nilikuwa nimeandika aya nzima juu ya "sentensi fupi" niliyoikuta kwenye makala ya mtu mwingine. Naifuta usiku huu.

Bi_Mwalimu
Marahaba mwanangu. Usiifute. Weka sentensi zote mbili bega kwa bega.

Soksi_ya_Kahawia
Mimi swali la "Kwa hiyo?" nililijibu kwa tukio moja dogo. Bi Ramsay anapima soksi anayomfumia mtoto wa mlinzi wa mnara wa taa, anaipima kwenye mguu wa James. Erich Auerbach alilichambua kwenye sura ya mwisho ya Mimesis, kitabu alichokiandika akiwa Istanbul wakati wa vita, kikatoka 1946. Ila kabla ya kumsoma, fanya zoezi hili kwa mkono wako.

Chukua karatasi. Andika yale tu yanayotendeka na kusemwa kwa sauti. Anamwambia mtoto atulie. Mtoto anachezacheza. Anamkaripia. Anapima, soksi ni fupi kwa angalau nusu inchi. Basi. Kwa saa ya ukutani ni dakika moja au mbili. Kisha rudi uone kilichoingia katikati: viti vilivyochakaa, milango isiyofungwa, na msichana wa kazi kutoka Uswisi, aliyesema jana usiku kwamba milima ya kwao ni mizuri, huku baba yake akifa kwa saratani ya koo.

Huyo msichana ndiye kisengere nyuma, na kinarudi usiku mmoja tu. Lakini angalia kinapokatikia: Bi Ramsay anamkaripia mtoto mara tu baada ya kumkumbuka. Ukali ule hautokani na soksi, unatoka kwenye kumbukumbu. Nilipoliona hilo, jedwali langu likapata la kusema. Kurasa ni nyingi kwa sababu kila neno la sauti lina chanzo chake chini, na msimulizi anashuka kukitafuta.

Njia_Panda
Nami nilete yangu, ingawa ni ya Kiswahili. Niliandika juu ya Nagona ya Kezilahabi (1990) kwa jedwali hilohilo la saa na kurasa. Nikakwama. Kule hakuna saa wala tarehe ya kushika, kwa hiyo ule upande wa saa ulibaki mtupu. Huwezi kusema mwendo ni wa haraka au wa polepole kama hujui muda gani umepita. Nikaishia kupima marudio badala ya muda. Kwa Woolf una bahati, amekupa alasiri, miaka 10 na asubuhi.

Chaki_Nyeupe
Sawa, mruko nimekubali. Lakini kumbukumbu zote bado ni kisengere nyuma. Kinarudisha wakati nyuma, basi.

Bi_Mwalimu
Soma sehemu ya tatu, yule mchoraji Lily anapowafikiria Paul na Minta na ndoa yao iliyoharibika. Anamwona Minta kwenye ngazi usiku, Paul ameshika chuma cha kuchochea moto akidhani ni wezi. Tukio kamili lenye sauti na mwanga. Kisha Lily mwenyewe anakiri kwamba hakuna hata neno moja la kweli, amelitunga. Hicho utakiitaje?

Chaki_Nyeupe
Kwa Lily kimeshatokea. Umbo lake ni la kisengere nyuma, kwa hiyo nakihesabu.

Soksi_ya_Kahawia
Mimi nisingekihesabu. Ila ningekiwekea safu yake kwenye jedwali, maana kinakula kurasa kama tukio la kweli huku wakati wa hadithi hauongezeki hata dakika.

Njia_Panda
Hapo nipo na Chaki. Msomaji anakipokea kama kilichopita mpaka anapoambiwa vinginevyo.

Penseli_Kali
Jedwali nalipeleka kwenye kiambatisho. Mwili wa pepa utaanza chumbani kwa watoto, na ile shali kwenye fuvu, kisha mikunjo miwili, kisha mabano. Ndoa ya Paul na Minta naiweka mwisho kama swali kwa wanasemina. Nikishawasilisha nitarudi kuwaambia walivyolipokea.